Siku yangu ya kwanza kuendesha peke yangu, na kibao cha 50 kilichonishika

Leseni nilichukua Alhamisi, Jumamosi asubuhi nikawa barabarani peke yangu. Daraja D, yaani gari ndogo binafsi, miaka mitano, shilingi 70,000, kadi bado ina joto la mashine nikawa naitoa kwenye pochi kila nusu saa kuiangalia. Miezi mitatu nyuma nilikuwa na lena, ile leseni ya kujifunzia, na mwalimu pembeni yangu mwenye breki yake ya ziada chini ya mguu, kila nikichelewa kukanyaga yeye anakanyaga, sasa ukishazoea kuna mtu anakukanyagia breki halafu siku moja ile siti ya kushoto iko tupu, unaisikia kabisa kwamba iko tupu.

Gari ni ya mjomba, Toyota IST, otomatiki. Shule nilijifunzia gari ya gia kwa hiyo mguu wa kushoto wiki nzima ulikuwa unatafuta klachi ambayo haipo, mjomba akaniambia huo mguu uuvute nyuma karibu na siti, usahau kama unao, maana wengi wanaoanza otomatiki wanakanyaga breki kwa mguu wa kushoto wakidhani klachi, wanaikanyaga mpaka chini kama klachi inavyokanyagwa, gari inasimama ghafla na wa nyuma anaingia. Nikamsikiliza.

Safari yenyewe ilikuwa kutoka Tegeta kwenda Bagamoyo kumpelekea mama mdogo kichwa cha cherehani kilichokuwa kwa fundi huku Dar. Siyo safari ndefu, unapita Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, umefika. Lakini mjomba usiku wa Ijumaa alinitoa nje saa tatu, akaniambia rudisha gari nyuma taratibu mpaka karibu na ukuta, sasa kanyaga breki uangalie kwenye kioo. Nikaona wekundu kwenye ukuta, kushoto na kulia. Akasema ukiwa mwenyewe huna wa kukuambia taa ya breki imekufa, ukuta utakuambia, ukiona wekundu upande mmoja tu basi balbu imeungua, na balbu ni hela ndogo sana kuliko faini. Tukafanya hivyohivyo indiketa zote nne, rivasi, ful na dimu. Kwenye buti tukahesabu: triango mbili, mtungi wa kuzimia moto mshale uko kwenye kijani, tairi la akiba lina upepo, jeki ipo na spana yake ipo. Kwenye dashibodi akaweka kopi ya kadi ya gari, bima akaniambia haina haja ya karatasi sana siku hizi wanaangalia kwa namba ya gari lakini weka tu. Mwisho akanipa ufunguo na kusema, gari nimekupa, deni usinipe.

Hilo neno la deni sikulielewa usiku ule. Nilidhani anasema usinigongee gari. Alikuwa anasema kitu kingine kabisa na nilikuja kuelewa kesho yake saa tatu kasoro asubuhi.

Kutoka Tegeta mpaka Bunju sina cha kusimulia, foleni kidogo, bodaboda wanachomekea kushoto na kulia, daladala moja inatanua kwenye vumbi pembeni, mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Baada ya Bunju barabara ikafunguka, nikaanza kuvuta pumzi vizuri. Kila kibao cha 50 nikikiona nashuka mpaka mshale uko kwenye 50 au chini kidogo, nikikiona kile cha mwisho wa 50, ile duara yenye 50 iliyokatwa na mistari, napanda. Mwalimu alikuwa ametuimbia sana hii, kibao cha kuanza na kibao cha kumaliza, kibao cha kuanza na kibao cha kumaliza. Nikawa najiona nimeelewa.

Sasa sikilizeni kilichotokea maana hapa ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Kwenye kijiji kimoja kati ya Mapinga na Kerege niliona kibao cha 50, nikashuka vizuri kabisa, mbele kidogo kuna akina mama wanauza matunda kando ya barabara, nikawaza kwenda kwa mama mdogo mikono mitupu na cherehani ni cha kwake mwenyewe haipendezi. Nikawasha indiketa ya kushoto, nikaingia pembeni, nikanunua machungwa ya 5,000 na nanasi mbili. Tukapiga stori kidogo na yule mama, akaniongeza machungwa matatu, nikapanga vizuri kwenye siti ya nyuma yasibiringike, nikarudi kwenye gari, mkanda, vioo, indiketa ya kulia, nikasubiri basi lipite, nikaingia barabarani.

Na pale nikawa nimeanza safari mpya kichwani. Ndiyo kosa lenyewe. Kwenye akili yangu safari ilianza upya kwenye machungwa, kile kibao cha 50 kilikuwa ni cha safari iliyopita. Barabara mbele nyeupe, nyumba zimeanza kuisha, upande mmoja miembe na upande mwingine mashamba ya mihogo, hakuna mtu, nikakanyaga. Mshale ukapanda 60, 65, 70. Sikuwa nakimbia kwa makusudi, nilikuwa naona ndiyo mwendo wa kawaida wa barabara kuu.

Lori la mchanga likaja kutoka mbele likanipiga ful mara mbili. Mimi nikashtuka, nikadhani nimewasha ful mchana kweupe, nikainamisha macho kwenye dashibodi kutafuta ile alama ya bluu, haipo, nikacheza na ile swichi ya taa ili tu nihakikishe. Gari dogo nyuma ya lori nalo likanipiga taa. Nikajiuliza kuna nini na gari yangu, buti liko wazi? Nikaangalia kioo. Shule hawafundishi kwamba dereva anayetoka mbele akikupiga taa hivyo mara nyingi anakwambia kuna trafiki huko alikotoka. Nimeshaambiwa na watu kumi tangu siku ile. Lakini nikifikiria vizuri, zile sekunde tatu nne macho yangu yako kwenye dashibodi na gari iko 70, ndiyo zilikuwa sekunde za hatari kuliko zote siku ile, na hakuna aliyeniandikia faini kwa ajili yake.

Kidogo mbele nikaona nguo nyeupe. Trafiki wawili chini ya mti, mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki na mashine ya mkononi, mwingine kasimama ukingoni mwa barabara. Moyo ukadunda, nikakanyaga breki mpaka mshale uko 45, nikapita najisemea nimewahi. Yule aliyesimama akanyoosha mkono, akanionyesha pembeni.

Ngoja nieleze jinsi nilivyosimama maana hili nililifanya sawa na nafurahi. Indiketa ya kushoto kwanza, nikaangalia kioo cha nyuma kama kuna mtu ananifuata kwa karibu, nikatoka barabarani kabisa matairi yote manne kwenye vumbi, gia kwenye P, hendibreki, hazadi, nikazima injini, nikashusha kioo chote siyo nusu. Mikono nikaiacha kwenye usukani. Sikutoka kwenye gari. Wengi wanaruka nje wanamfuata askari mbio na barabara ile malori yanapita karibu na mlango wako wa kulia.

Alikuwa mwanamama, umri wa mama yangu hivi.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Hujambo? Leseni."

Nikampa. Akaigeuza, akasoma tarehe, akaniangalia, akasoma tena.

"Hii ya juzi?"

"Ndiyo afande, Alhamisi. Leo ndiyo siku ya kwanza naendesha mwenyewe."

Hakusema kitu. Akazunguka mbele, akasema washa taa, ful, dimu, indiketa kulia, kushoto, wipa, honi. Akaenda nyuma, kanyaga breki. Mimi nakanyaga nikiwa naona ule ukuta wa mjomba kichwani. Fungua buti, triango, mtungi. Akainama akasoma mshale wa mtungi na tarehe. Akarudi dirishani, na mimi nikawa nimeshaanza kutabasamu, mkono uko kwenye ufunguo.

"Gari yako nzima. Unajua kwa nini nimekusimamisha?"

"Hapana afande."

Akatoa simu akanionyesha picha. IST ya mjomba kwa mbele, namba inasomeka kila herufi, na pembeni 66. Chini saa na tarehe. Dakika nne zilizopita.

Hapo ndipo nilipoelewa vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, aliyenipiga tochi, ile mashine ya kupima spidi, hakuwa pale. Mwenzao alikuwa nyuma huko karibu na miembe, amenipiga, ametuma picha kwa simu, na hawa wa mbele kazi yao ni kusimamisha tu. Kwa hiyo ile breki niliyokanyaga nilipoona nguo nyeupe haikuwa na kazi yoyote, spidi ilikuwa imeshachukuliwa zamani, nilichofanya ni kumshtua aliyekuwa nyuma yangu. Na hata kama mwenye tochi angekuwa palepale, ile tochi inakusoma kutoka mbali, mita mia kadhaa, kabla wewe hujatofautisha kama yule ni mtu au ni kisiki.

Pili, dashibodi yangu ilisema 70 na tochi ikasema 66. Nikamuuliza, kwa heshima, afande mbona mimi niliona 70. Akacheka kidogo, akasema ungeniambia uliona 50 tungebishana. Jioni mjomba alinieleza, spidomita za magari zinatengenezwa zisome juu kidogo ya spidi halisi, kamwe zisisome chini, ndiyo maana ukifungua ramani ya simu inaonyesha kilomita mbili tatu pungufu ya dashibodi. Ila ukifunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani mambo yanageuka, tairi kubwa linaenda mbali zaidi kila likizunguka, dashibodi inasema 50 na wewe uko 54. Wanaobadilisha rimu kwa ajili ya muonekano wakumbuke hilo.

Nikamwambia afande, hapa siyo nje ya 50? Nyumba zimeisha. Nikamweleza nilisimama kununua matunda, nikaonyesha machungwa kabisa. Hakunikatia maneno, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akanyoosha kidole mbele, si nyuma, mbele tunakokwenda.

"Unaona kile kibao?"

Mbali kidogo, baada ya kona ndogo, kulikuwa na duara jeupe lenye mistari. Mwisho wa 50.

"Hamsini haiishi nyumba zikiisha," akasema. "Haiishi ukisimama kununua machungwa. Inaishia pale. Na pale nyuma kwenye miembe kuna njia ya watoto, wanakwenda kuchota maji ng'ambo, wewe hukuiona kwa sababu leo hakuna aliyevuka."

Sikuwa na jibu. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu ile tuliyofundishwa. Kwenye 50 gari inakwenda kama mita 14 kila sekunde, kwenye 66 zaidi ya 18. Weka sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, halafu breki zenyewe kwenye lami kavu na matairi mazuri, ukiwa 50 unasimama ndani ya mita 28 hivi, ukiwa 66 unahitaji kama mita 42. Mtoto akitokea kwenye mwembe mita 30 mbele yangu, kwenye 50 nasimama mbele yake. Kwenye 66, nikifika alipo bado gari iko kwenye mwendo mkubwa tu, breki ndiyo kwanza zimeanza kushika. Na mimi kumbuka nilikuwa naangalia alama ya bluu ya ful. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi na kila mara naona njia ile ya watoto ambayo sikuiona.

Turudi. Rafiki yangu mmoja alikuwa ameniambia siku hiyohiyo ya Alhamisi, ukisimamishwa weka elfu tano ndani ya leseni, utapita. Nilikumbuka neno lake pale dirishani, sikatai. Lakini yule mama hakuomba kitu, hakunipa hata nafasi ya kufikiria hivyo, na kutoa ni kosa kama kupokea, kosa kubwa kuliko spidi. Nikasema sawa afande, niandikie.

Akanipeleka kwa mwenzake kwenye kiti cha plastiki. Faini 30,000, kosa moja. Akaingiza namba ya gari kwenye mashine, akaingiza namba ya leseni, ikatoka karatasi kama risiti ya dukani ina kontro namba. Kabla sijaondoka akaniambia isome hapahapa. Nikasoma, namba ya gari sawa, kosa sawa, kiasi sawa, namba ya leseni ina tarakimu mbili zimepinduka. Nikamwonyesha, akaangalia, akaishughulikia pale pale, nikapewa karatasi nyingine. Isomeni hiyo karatasi mkiwa bado mmesimama pale, siyo mkiwa mmefika nyumbani, maana pale kosa la kuandika ni la dakika mbili, ukishaondoka ni safari ya kwenda kutafutana ofisini.

Na hapo ndipo neno la mjomba likaniingia. Ile faini haikuandikwa kwangu tu. Imeandikwa kwenye namba ya gari. Nisipolipa, inabaki pale, muda ukipita inaongezeka, na siku mjomba anaendesha zake kwenda kazini anasimamishwa, wanaingiza namba, mashine inaonyesha deni ambalo hata hajui limetoka wapi. Gari nimekupa, deni usinipe. Alikuwa anamaanisha hivyo neno kwa neno.

Nilirudi kwenye gari, nikakaa. Kwenye simu nilikuwa na 42,000 ambayo ilikuwa ya mafuta ya kurudia na kidogo ya kwangu. Nikalipia palepale nikiwa nimeegesha, unaingia kwenye malipo ya serikali, unaweka kontro namba, inakuletea jina na kiasi, unahakiki, namba ya siri. Meseji ikarudi. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikasubiri itulie kabla sijawasha injini, kama dakika kumi nilikaa pale na hakuna aliyenifukuza. Wakati natoka yule mama afande alisimamisha bodaboda iliyokuwa inakuja ili niingie barabarani vizuri, akanipungia mkono.

Kwa mama mdogo nilifika salama. Nikala, cherehani kikafungwa kikashona, nikamwambia kilichonipata akasema pole mwanangu, na nanasi moja akanirudishia nimpelekee kaka yake.

Kurudi niliondoka saa tisa ili giza lisinikute. Nilipokaribia kile kijiji, sasa natokea upande wa Bagamoyo, nikafanya kitu nilichokuwa nimekipanga tangu mezani kwa mama mdogo. Kwenye kibao cha kuanza 50 nikasoma kilomita kwenye dashibodi. Nikashika 48. Trafiki walikuwa wameshaondoka, chini ya mti hakuna hata kiti. Nyuma yangu basi likaja likaanza kupiga honi, linanisukuma, dereva ananyoosha mkono dirishani, nikabaki 48. Kwenye miembe kweli nikaiona njia, nyembamba, nyekundu, imekanyagwa sana, inakata barabara inaingia kwenye mihogo. Watoto watatu wamesimama na madumu ya njano wanasubiri. Nikapunguza zaidi, nikawasha hazadi ili wa nyuma ajue, nikasimama. Basi nalo likasimama. Wakavuka, wa mwisho mdogo kabisa dumu linamzidi, analiburuta.

Kutoka kibao mpaka kibao ilikuwa kilomita moja na pointi sita. Kwenye mwendo wa 50 hiyo ni kama dakika mbili. Kwenye 66 ni dakika moja na nusu.

Nyumbani mjomba alikuwa kwenye benchi nje. Nikampa ufunguo, nanasi, na ile karatasi, nikaanza kueleza, akaniwekea mkono nisubiri. Akatoa simu, akafungua tms.tpf.go.tz, akaandika namba ya gari taratibu kwa kidole kimoja. Tukasubiri wote wawili ile inazunguka. Hakuna deni. Akaikunja karatasi mara mbili, akaniambia iweke pamoja na kopi ya kadi kwenye dashibodi, risiti haitupwi. Halafu akasema irudishe nyuma kwenye ukuta, tuangalie taa za breki.